Urefu wa mtawanyiko wa nyutroni na protoni: njia tatu za kuukokotoa, na ipi ikufae

Vyuo vikifunga, wanafunzi wa fizikia wanarudi Tanga na kazi zao za mwisho wa mwaka, na wengine hupita kwangu Chumbageni jioni kuuliza maswali. Swali moja limejirudia kwa sura ileile: "Shikamoo mwalimu. Nimekuta njia tatu za kupata urefu wa mtawanyiko, na zote zinasemwa ni sahihi. Nitumie ipi?" Zote tatu ni sahihi kweli. Zinapotofautiana ni pale urefu huo unapokuwa mkubwa kuliko masafa ya kani yenyewe, na hapo ndipo wengi hupata majibu matatu yasiyofanana na kudhani wamekosea fizikia.

Nianze na kitu chenyewe kinachotafutwa. Chembe mbili zikikaribiana kwa nishati ndogo, wimbi lao ni refu sana kuliko eneo ambamo kani inafanya kazi. Mawimbi yenye mzunguko hayafiki katikati, linalofika ni wimbi la s peke yake, lile lisilo na mzunguko wowote. Nje ya kani, fanksheni ya wimbi u(r) ni sin(kr + δ), ambapo k ni namba ya wimbi na δ ni mhamo wa awamu, yaani kiasi ambacho kani imelisogeza wimbi mbele au nyuma. Nishati ikishuka kuelekea sifuri, habari yote ya kani inabaki katika namba mbili:

k cot δ = −1/a + ½ r₀ k²

Hapa a ndio urefu wa mtawanyiko, na r₀ ni masafa ya athari. Angalia alama ya kutoa mbele ya 1/a. Baadhi ya vitabu huandika kujumlisha, kwa hiyo kabla hujalinganisha jibu lako na la mwenzako hakikisheni mnatumia alama moja.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni nyutroni na protoni zenye spini pinzani. Majaribio yanatoa a ya karibu −23.7 fm, wakati kani ya nyuklia yenyewe haifiki mbali kuliko femtomita mbili tatu. Kwa mfano wetu tutaiweka kani hiyo kama kisima cha mraba chenye kina cha MeV 13.9 na upana R wa fm 2.6. Kwa jozi hii ħ²/M ni MeV fm² 41.47, hivyo U₀ = 13.9/41.47 = 0.3352, na kipeuo chake cha pili, K₀, ni 0.5789. Kisima cha mraba kina jibu kamili la kalamu na karatasi:

a = R − tan(K₀R)/K₀ = 2.6 − 26.32 = −23.72 fm

Kwa sababu jibu kamili tunalo, tunaweza kuipima kila njia bila kubahatisha. Na mfano huu ni mgumu kwa makusudi. Kisima hiki kingekuwa na kina cha MeV 15.14 kingeweza kuzifunga chembe hizi mbili pamoja. Kimekosa kidogo tu, na ndiyo maana a imekuwa kubwa hivyo. Ukiongeza kina kwa asilimia 1, a inaruka hadi −27.0. Ukikifikisha MeV 15, inakuwa karibu −232. Ukivuka kidogo hadi 15.2, inageuka kuwa chanya, karibu +505. Njia itakayostahimili hali hii itastahimili nyingi nyingine.

## Vigezo

Nitaangalia mambo manne kwa kila njia. Kwanza, unahitaji nini mkononi: potensheli yenyewe, au data ya majaribio? Pili, usahihi wake unakuwaje a inapokuwa kubwa? Tatu, inakupa nini zaidi ya a? Nne, na hili ndilo naliona zito kuliko yote, ikikosea utaonaje?

## Njia ya kwanza: mstari wa nishati sifuri

Weka nishati iwe sifuri tangu mwanzo. Mlinganyo unabaki u″ = U(r)u, ambapo U ni potensheli iliyogawanywa kwa 41.47. Anza na u = 0 katika r = 0, nenda kwa hatua ndogo hadi kani iishe. Baada ya hapo u″ ni sifuri, kwa hiyo u ni mstari ulionyooka. Urefushe mstari huo kama fundi mwashi anavyovuta uzi wake kutoka kwenye kona ya ukuta: pale unapokata mhimili wa r ndipo ilipo a. Katika kisima chetu mstari bado unapanda kidogo unapotoka nje, kwa hiyo ukirudishwa nyuma unakata mhimili mbali upande wa hasi. Kama kina kingetosha kuzifunga chembe, u ingekuwa imeshapinda na kuanza kushuka ndani ya kisima, na mstari ungekata mbele, upande wa chanya.

Unachohitaji ni potensheli na kompyuta yoyote. Hii hapa inatosha:

```python
h, R, U0 = 0.001, 2.6, 13.9/41.47
u, v = 0.0, 1.0
for i in range(2600):
    u += v*h
    v -= U0*u*h
v += U0*u*h/2
print(R - u/v)
```

Inatoa karibu −23.72. Mstari wa mwisho kabla ya `print` usiuache. Ndani ya mzunguko, mteremko v unakuwa umetangulia u kwa nusu hatua, na mstari ule ndio unaourudisha mahali pake. Ukiuacha jibu linasogea kwa takribani sehemu ya kumi ya femtomita, na hakuna kitakachokuambia.

Hilo linatuleta kwenye usahihi. Mteremko ulianza ukiwa 1, na ukingoni mwa kisima umebaki 0.0655. Jibu letu ni u gawanya kwa namba hiyo ndogo. Ukikosea mteremko kwa 0.001 tu, a inasogea kwa fm 0.4. Kwa kisima kifupi kisichokaribia kufunga chembe, kosa lilelile usingeliona kabisa. Kwa hiyo ukaguzi wa lazima ni kupunguza h kwa nusu na kukokotoa tena. Jibu likibaki palepale hadi tarakimu unazozihitaji, endelea. Likisogea, punguza tena.

Kosa la pili linalojificha ni mahali pa kusimama. Kisima cha mraba kina ukingo, lakini potensheli halisi ina mkia. Wengi husimama pale mkia unapoonekana mdogo kwa macho. Nitaonyesha kwenye njia ya tatu kwa nini macho hayatoshi hapa. Kwa sasa chukua kanuni hii: kokotoa r − u/v katika umbali r mbili tofauti, tuseme fm 10 na fm 15. Kama kani imekwisha kweli, majibu yatakuwa sawa, kwa sababu mstari ni mmoja.

Zaidi ya a, njia hii inakupa idadi ya hali zilizofungwa: hesabu mara ambazo u inakata sifuri, bila kuhesabu r = 0, pamoja na ile ya mstari uliorefushwa ikiwa iko mbele. Haikupi r₀ moja kwa moja, na haikuambii lolote kuhusu nishati nyingine.

## Njia ya pili: mihamo ya awamu na mstari wa k²

Hapa hufiki sifuri. Unakokotoa au unapima δ kwa nishati ndogo kadhaa, unachora k cot δ dhidi ya k², unapitisha mstari. Unapokata mhimili wa wima ni −1/a, na mteremko wake ni nusu ya r₀.

Kwa kisima chetu, katika k = 0.05 δ ni nyuzi 47.7 na k cot δ ni 0.04555. Katika k = 0.1 δ ni nyuzi 60.8 na k cot δ ni 0.05580. Pitisha mstari katika nukta hizi mbili: mteremko ni 1.365, na unakata wima kwenye 0.04214. Yaani a = −23.73 na r₀ = 2.73. Jibu kamili la r₀ kwa kisima hiki ni 2.72. Nukta mbili tu, tena si karibu sana na sifuri, zimetoa namba zote mbili kwa kosa lisilofika asilimia moja. Kwangu hili bado ni jambo la kupendeza kila nikilirudia na kikokotoo.

Lakini tazama kinachotokea ukiruka hatua ya mstari. Wapo wanaochukua nukta moja, k = 0.05, wakaandika a = −tan δ/k. Wanapata −21.95. Wengine wanakumbuka kwamba δ inakaribia −ka, wakagawanya pembe yenyewe kwa k, wakapata −16.6. Nishati hapo ni MeV 0.10 tu, mtu anaamini ni ndogo vya kutosha. Udogo wa k unapimwa dhidi ya 1/a, wala si dhidi ya 1/R. Kama ukubwa wa a ni 23.7, k ya 0.05 inafanya ka kuzidi 1, na pembe ya karibu nyuzi 48 si pembe ndogo. Mstari wa k cot δ unanusurika kwa sababu wenyewe unahitaji tu kR iwe ndogo.

Na hata huo una mpaka. Tumia k = 0.2 na 0.3 badala yake, ambazo ni nishati za MeV 1.66 na 3.73. Mstari unakupa a = −25.1. Nukta zimeanza kupinda juu kwa sababu ya neno la k⁴ ambalo hatukuliweka. Dawa ni kuwa na nukta tatu au nne na kuangalia kama zinalala kwenye mstari mmoja. Ukishuka chini mno nako kuna tatizo lake: kati ya k = 0.01 na 0.02, k cot δ inabadilika kwa 0.0004 tu, na kosa la 0.0001 katika kila nukta linaharibu r₀ kabisa ingawa a inabaki salama.

Faida isiyopatikana kwingine ni kwamba njia hii haihitaji potensheli. Mwenye data ya majaribio hana njia nyingine. Ila akumbuke mambo mawili. Nishati ya maabara, ambako nyutroni inaipiga protoni iliyotulia, ni mara mbili ya nishati ya kitovu cha masi, kwa hiyo k² = E/(2 × 41.47) ukitumia E ya maabara. Anayesahau hiyo mbili anapata k iliyozidi mara kipeuo cha pili cha 2, na mstari wake unanyooka vizuri tu huku ukimpa a isiyo sahihi.

La pili ni alama ya a. Eneo la mtawanyiko katika nishati ya chini ni 4πa², na mraba unaficha alama. Chukua 5.42 kwa spini sambamba na −23.7 kwa spini pinzani: la kwanza linatoa bani 3.69, la pili bani 70.6. Robo tatu ya la kwanza na robo ya la pili ni bani 20.4, ambayo ndiyo inayopimwa kwa nyutroni za polepole katika hidrojeni. Lakini ungepata 20.4 ileile ukiweka +23.7. Alama ya kutoa ilithibitishwa kwa kutawanya nyutroni baridi kwenye molekuli za hidrojeni, ambako mawimbi ya protoni mbili hujumlishwa kabla ya kuchukua mraba, wazo lililotolewa na Schwinger na Teller mwaka 1937.

## Njia ya tatu: kuikuza a hatua kwa hatua

Njia hii, ambayo Francesco Calogero aliifanyia kazi kubwa miaka ya 1960, inauliza swali tofauti. Tuseme tunaikata potensheli katika umbali r na kutupa kilichobaki nje. Urefu wa mtawanyiko wa kipande hicho ni a(r). Ukiongeza r kidogo, a(r) inabadilika hivi:

a′(r) = U(r) · (r − a(r))²

Unaanza na a(0) = 0 na kwenda nje. Hakuna fanksheni ya wimbi, hakuna kugawanya mwishoni. Ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kuelewa, kwa sababu unaiona kila sehemu ya kani ikitoa mchango wake.

Katika kisima chetu, kwenye r = 1.3, nusu ya upana, a ni −0.32 tu. Kwenye r = 2 imefika −1.94. Fm 0.6 zilizobaki ndizo zinaipeleka hadi −23.72. Kisima kina kina kilekile kote, kilichobadilika ni ule mraba wa (r − a): a ikishakuwa kubwa inajikuza yenyewe. Kwenye r = 1 inashuka kwa kasi ya 0.43, ukingoni inashuka kwa kasi ya 232. Kwa hiyo hatua ya ukubwa mmoja haifai. Tumia hatua inayojirekebisha, la sivyo mwisho wa safari utaharibu mwanzo mzuri.

Mlinganyo huohuo unajibu suala la mkia nililoliacha. Kama a yako tayari ni −23.7 na umesimama kwenye r = 10, basi (r − a)² ni zaidi ya 1,100. Kila kipande cha mkia ulichokitupa kingezidishwa kwa namba hiyo. Mkia unaoonekana hauna uzito bado unaweza kuihamisha a kwa sehemu ya femtomita. Hata kama unatumia njia ya kwanza, tumia fomyula hii kukadiria ulichokiacha.

Na kadirio la Born? Ni duru ya kwanza ya mlinganyo huu: weka a = 0 upande wa kulia, ujumlishe U r². Kwa kisima chetu linatoa −U₀R³/3 = −1.96. Jibu halisi ni −23.72. Linafaa kwa potensheli dhaifu tu, na kwa nyutroni na protoni halifai hata kama kadirio la haraka.

Udhaifu wa njia ya tatu unaonekana kwenye spini sambamba. Chukua kisima cha MeV 34 na upana wa fm 2.1, ambacho kwa kalamu kinatoa a = 5.32, si mbali na 5.42 ya majaribio. Kisima hiki kinazifunga chembe, kwani hii ndiyo deutroni. Hivyo kwenye r = 1.73 a(r) inaenda hadi hasi isiyo na mwisho na kurudi kutoka chanya. Programu ya kawaida hukwama hapo, au mbaya zaidi hulipita shimo hilo kwa hatua kubwa na kutoa namba inayoonekana ya kawaida. Dawa ni kubadili kigezo a inapokuwa kubwa: weka b = 1/a, ambayo inafuata b′ = −U(1 − rb)². Hii inapita sifuri kwa utulivu, kisha unarudi kwenye a. Kila mpito wa namna hiyo ni hali moja iliyofungwa, kwa hiyo hesabu yake unaipata bure.

## Ufanye nini kwa hali yako

Kama una potensheli na unachotakiwa ni a peke yake, njia ya kwanza ndiyo fupi, na haikwami hata chembe zikifungwa. Fanya ukaguzi wa kupunguza h na ule wa umbali mbili. Kama mwalimu wako ametaka pia r₀, au mbele kuna swali la eneo la mtawanyiko kwa nishati kadhaa, nenda njia ya pili, na chagua k zenye kR isiyozidi takribani 0.3. Kwa R ya fm 2.6 hiyo ni k hadi karibu 0.1. Ukiwa na muda, ipate a kwa njia ya kwanza kisha uitumie kama nukta ya k = 0 kwenye mchoro wa njia ya pili. Nukta hiyo ikikaa nje ya mstari, mojawapo ina kosa.

Kama una data tu, uamuzi umeshafanyika: njia ya pili, na kazi yako kubwa iko kwenye kubadili nishati ya maabara na kuijua alama ya a kutoka kwingine.

Kama unataka kujua sehemu gani ya kani inaamua jibu, au unalinganisha mikia miwili tofauti, njia ya tatu inakupa kitu ambacho mbili za kwanza hazikupi. Anayefanya hesabu kwa mkono, bila kompyuta, abaki na kisima cha mraba na fomyula ya tanjenti, akikumbuka kuweka kikokotoo kwenye radiani.

Na kama jozi yako ni protoni mbili, usichukue yoyote kati ya hizi kama ilivyo. Msukumano wa umeme unapungua polepole, kwa kinyume cha umbali, na nje hakuna mstari ulionyooka wala sin(kr + δ) safi. Itabidi ulinganishe na mawimbi ya Kulombu badala ya sini, na k cot δ inapata maneno ya ziada upande wake wa kushoto kabla ya kuchorwa dhidi ya k².